Utabiri wa Mwanasesere

Mtaa mzima ulimwita Bwana Mawingu, na hakuna aliyemwita hivyo kwa heshima. Alikuwa mtabiri katika kituo cha hali ya hewa, na mwenye kazi hiyo hana siku ya kupumua. Akisema mvua itanyesha na isinyeshe, kina mama wanamuuliza dukani wamebeba miavuli ya nini. Akisema kutakuwa na jua, halafu nguo zikalowa kambani, anasalimiwa kwa mdomo wa pembeni wiki nzima. Jibu lake lilikuwa lile lile miaka kumi na minane: "Mimi nilisema uwezekano." Hakuna aliyewahi kumwelewa. Kinachochekesha, kama mtu ana moyo wa kucheka, ni kwamba siku neno hilo lilipohitajika nyumbani kwake, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kulisahau.

Mambo yalianza Jumatatu asubuhi, alipokuwa akitafuta kalamu. Aliingiza mkono kwenye begi la shule la mwanawe, mtoto wa miaka sita aliyezaliwa mdogo hata wakamwita Nukta, akatoka na mwanasesere. Alikuwa wa kitambaa, nywele za uzi wa sufu zimesukwa mikia miwili, na gauni lake lilikatwa kutoka kwenye soksi ya kahawia. Bwana Mawingu aliitambua soksi hiyo. Alikuwa ameitafuta mwezi mzima.

"Mama Nukta," aliita, "hiki ni nini?"

Mkewe alikuwa fundi simu. Alikuwa ameinama juu ya simu iliyopasuliwa tumbo, bisibisi ndogo mkononi, nyingine mdomoni. Hakuinua macho.

"Mwanasesere."

"Naona. Wa nani?"

"Wa Nukta. Anamwogesha, anamlisha, anamsuka. Nimemshonea mwenyewe, anampenda sana. Mrudishe kwenye begi, mtoto atachelewa."

Bwana Mawingu alimrudisha, lakini roho haikurudi pamoja naye. Siku nzima kituoni aliangalia picha za mawingu na kuona mikia miwili ya sufu. Hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Alikuwa mtu aliyezoea kuona kitu kidogo leo na kuambiwa kinamaanisha kitu kikubwa kesho, na mtu wa namna hiyo ukimwachia mtoto na mwanasesere, hatalala.

Kosa lake la kwanza lilikuwa kumwambia dada yake mkubwa. Shangazi, kama tulivyomwita sote mtaani hata wasio na udugu naye, aliingia Jumanne bila kubisha, maana hodi aliiona ni ya wageni. Alikaa, akaomba maji, akayanywa yote, ndipo akasema kwamba hili alikuwa ameliona zamani.

"Umeliona lini, dada? Mimi nimeliona jana."

"Nimeliona kwa wengine. Msusi wa pale kona, yule kijana mwenye mkono mwepesi. Mama yake aliniambia utotoni hakushika mpira. Yule mwingine aliyekuwa karani benki, akahama. Wanasesere. Na yule mtoto wa mwalimu. Wanasesere na vikombe vya kuchezea. Watatu, mdogo wangu. Watatu wote wameingia kwenye lile jambo."

Katika ukoo huo lile jambo halikuwa na jina. Lilikuwa na kope za kushushwa na sauti ya kupunguzwa. Mtu mzima na akili zake aliweza kulizungumzia nusu saa bila kulitaja, na wote waliokuwepo wakatikisa vichwa kana kwamba wameelewa kitu kimoja.

"Dawa ipo," Shangazi alisema. "Kaka yetu."

Kaka yao, ambaye kwa Nukta alikuwa Baba Mkubwa, alikuwa mwanajeshi mstaafu mwenye bweni la wavulana mbali na mji. Wavulana huko waliamka kabla ya jua, walikimbia, walichimba mitaro isiyokuwa na kazi, kisha waliifukia. Wazazi walilipenda sana bweni hilo, hasa wale ambao hawakulala humo. Alipigiwa simu pale pale, naye hakutaka maelezo mengi. Alisema ana nafasi moja, na atakuja mwenyewe kumchukua mtoto Jumamosi ya wiki inayofuata.

Mama Nukta aliposikia, aliweka bisibisi chini, jambo ambalo hakulifanya kwa mgeni yeyote. "Mtoto wa miaka sita haendi kulala bwenini kwa sababu ya soksi," alisema. Bwana Mawingu akajibu kwamba hajakata shauri, kwamba yeye ni mtu wa ushahidi, na kwamba ataangalia kwanza.

Akaangalia. Mungu amsamehe, aliangalia kama alivyofundishwa. Kituoni kulikuwa na fomu ya uangalizi, yenye safu za saa, aina ya wingu, upepo na maoni. Alichukua bunda zima nyumbani, na kila alipokuwa nyumbani, kila baada ya saa tatu kama ilivyo kanuni, akajaza. "Saa tatu asubuhi: mtoto yuko na mwanasesere. Hali: tulivu." "Saa sita: anamlisha mchanga. Anamfuta mdomo." "Saa tisa: anaimba kwa sauti nyembamba." Sauti ya mtoto wa miaka sita isingeweza kuwa nene, lakini fomu haikuwa na safu ya kufikiri. Chini, kwenye nafasi ya utabiri, aliandika: "Lile jambo. Uwezekano, asilimia themanini."

Ukimfuata mtoto na karatasi nyumba nzima, mtoto hujifunza nyayo zako. Siku ya tatu Nukta aliacha kuimba. Siku ya tano alikuwa akisikia viatu vya baba yake tangu getini, na baba akiingia anamkuta ameketi mikono juu ya magoti kama anasubiri daktari. Asubuhi tumbo likaanza kumuuma. Bwana Mawingu aliandika yote hayo kwenye maoni, kwa mwandiko mzuri, na hakuona kwamba anajiandika mwenyewe.

Sasa njoo kwenye kosa ambalo asingelifanya muuza duka wala dereva. Jumanne ya wiki ya pili alipeleka fomu za kituo kwa mkaguzi, kama kila wiki, na kati ya upepo wa kusini na unyevu wa asubuhi zikaenda fomu nane za Nukta.

Mkaguzi alikuwa mama mfupi aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu. Walimwita Mama Uhakiki, na watabiri wazima walijificha chooni wakisikia funguo zake. Kazi yake ilikuwa moja: kuchukua kila utabiri uliotolewa, kuuweka kando ya kilichotokea kweli, na kusema nani alipatia na nani alibahatisha. Alimwita Bwana Mawingu mchana, akafunga mlango, akasukuma fomu nane mezani. Zilikuwa zimejaa wino mwekundu.

"Kituo hiki sikijui," alisema. "Kiko wapi?"

Bwana Mawingu aliona ardhi haitaki kumpasukia. "Ni nyumbani kwangu, mama. Zimechanganyika kwa bahati mbaya."

"Nimeona. Nimezikagua hata hivyo, nimezoea. Uangalizi wako ni mzuri, saa zako hazikosi. Utabiri ndio takataka. Kaa."

Alikaa.

"Umeandika hapa, lile jambo. Kanuni ya kwanza niliyokufundisha ulipokuja hapa na suruali fupi ilikuwaje? Taja kitu unachotabiri. Lile jambo ni nini?"

Bwana Mawingu alizitazama fomu zake. Alishusha kope. Mama Uhakiki hakushusha zake.

"Unataka kusema mtoto akikua atawapenda wanaume wenzake? Hiyo ni safu moja. Au unataka kusema atakuja kujijua kuwa ni mwanamke? Hiyo ni safu nyingine kabisa. Au unaogopa tu kwamba atatembea hivi na kuongea vile, majirani watacheka? Hiyo ya tatu. Anampenda nani, anajijua kuwa nani, na anacheza nini. Wewe umetia mvua, upepo na joto kwenye safu moja, halafu ukaandika themanini. Themanini umeitoa wapi?"

"Dada yangu anawajua watatu."

"Watatu waliotokea. Haya. Chukua siku zote zilizonyesha mwaka huu, rudi nyuma uangalie kama asubuhi kulikuwa na mawingu. Utakuta?"

"Karibu zote, mama."

"Na siku zote zenye mawingu asubuhi, zilinyesha?"

Bwana Mawingu alijua jibu. Ndilo lililomlisha miaka kumi na minane. "Nyingi hazinyeshi," alisema.

"Basi dada yako amesimama kwenye mvua, anatazama nyuma, anahesabu mawingu. Hata huko nyuma amechagua. Mtu mzima akishajulikana, kila mtu anakumbuka kikombe chake cha kuchezea. Yule aliyecheza na vikombe vile vile akawa fundi bomba mwenye wake wawili, nani anakumbuka vikombe vyake? Wewe unahitaji kusimama asubuhi na kuangalia mbele. Unahitaji watoto wengi waliojulikana wakiwa wadogo, kabla mtu hajajua watakuwa nani, na ukajua wamekuwa nani." Alichora msalaba kwenye karatasi, ukatoa visanduku vinne. "Dalili ilikuwepo, jambo likaja. Dalili ilikuwepo, jambo halikuja. Dalili haikuwepo, jambo likaja. Haikuwepo, halikuja. Nijazie vyote vinne. Ukinijazia kimoja tu nitakurudisha ukapime umande."

Watoto wengi waliojulikana wakiwa wadogo: kwa mtu mwingine hilo lingekuwa gumu. Mama yake Bwana Mawingu alikuwa ameendesha chekechea uani kwake miaka ishirini na sita. Kesho yake alikwenda, akampa shikamoo, akatandaza karatasi mezani kati ya albamu za picha. Bibi, kwa maana mtaa mzima sasa ulimwita Bibi, alivaa miwani, akamwuliza kama hii ni kazi ya serikali au ya upuuzi.

"Ya Nukta, mama. Jumamosi kaka anakuja kumchukua."

"Ya upuuzi, basi. Lete kalamu. Majina sikupi. Waliokuja kunieleza mambo yao walinieleza mimi."

Wakahesabu. Aliwakumbuka vizuri wavulana themanini, na alijua walikoishia, maana walikuja kumsalimu na wengine walimletea watoto wao. Hakuna ambaye hakuwahi kumshika mwanasesere kabisa, alisema, wote walishika, kama wasichana wote walivyopanda ukuta. Lakini waliompenda kweli, waliomlilia akipotea, walikuwa kumi na wanne. Bibi aliwahesabu kwa kidole kwenye picha, mmoja mmoja. Huyu anaendesha lori na ana watoto watano. Huyu ni mchinja nyama. Huyu anafundisha ngumi. Huyu ni baba wa nyumbani, mkewe anasafiri. Huyu ameoa, akaachwa, ameoa tena, na kosa ni lake.

"Kumi na mmoja wanapenda wanawake," Bwana Mawingu alisema, akitazama kisanduku.

"Wengine vibaya, lakini wanapenda. Mmoja alihama, simjui. Huyu hapa anampenda mwanamume, wako pamoja mwaka wa tisa, na ndiye pekee aliyenipaka rangi jikoni bila kuombwa. Na huyu," kidole kilitua taratibu, "siku hizi ni mwanamke."

"Kwa hiyo mwanasesere alisema."

"Mwanasesere hakusema lolote. Yeye ndiye aliyesema. Tangu ana miaka minne, kila siku, mwaka baada ya mwaka, hata akiwa na mpira mkononi: mimi ni msichana. Wale kumi na watatu nikiwauliza wewe nani, walinijibu mvulana, na wakaendelea kumnyonyesha mwanasesere. Na kulikuwa na mwingine, si wa hawa kumi na wanne, aliyesema ni msichana mwaka mmoja mzima, halafu akaacha, na mimi sikumsukuma kuingia wala kutoka. Mtoto akisema juu ya nafsi yake unamsikiliza. Akicheza, unamwacha acheze."

Bwana Mawingu aliuliza kuhusu kisanduku cha tatu, akitumaini kidogo, kwa aibu, kwamba kitakuwa tupu. Bibi aligeuza ukurasa, akaonyesha nahodha wa mpira aliyemvunjia madirisha manne, kisha mwingine aliyekuwa akipigana kila Ijumaa.

"Hawa wawili wanawapenda wanaume. Hawajawahi kumgusa mwanasesere ila kumng'oa kichwa. Na hao ni wale tu waliothubutu kuniambia."

Kalamu ilisimama. Kwa utaratibu wa Shangazi, hawa wawili walikuwa jua kali bila wingu.

Kisha Bibi, bila kuombwa, alifungua jambo ambalo karatasi haikuwa na nafasi yake. Kati ya wale kumi na wanne, watano walipigwa na baba zao ili waache. Wengine tisa hawakuguswa. Kati ya waliopigwa, wanne wanapenda wanawake. Wa tano ni yule aliyepaka rangi jikoni.

"Alipigwa kuliko wote," Bibi alisema. "Akabaki alivyo. Kilichobadilika ni kwamba alipoondoka kwao hakuaga, na mama yake alikufa bila kumwona. Na mmoja wa wale wanne unamjua. Alikuwa akilala na mwanasesere wa mpira asiye na mkono. Baba yako alimpiga kwa mkanda mbele ya watoto wengine. Wewe ulikuwa hujazaliwa."

Hakumtaja, na hakuhitaji. Kaka yao alikuwa mmoja tu.

Ijumaa Mama Uhakiki aliisoma karatasi mara mbili, pamoja na habari za mkanda na za kupakwa rangi jikoni zilizoandikwa pembeni, kwa heshima ambayo hakuwahi kuuonyesha unyevu wa asubuhi.

"Chekechea moja si nchi nzima," alisema, "na wengine hawakumwambia bibi yao kila kitu. Lakini hivi ndivyo wanavyofanya watafiti wenyewe, wanawafuata watoto mbele. Na sitakuficha, uelekeo upo. Kwenye kumi na wanne wako wawili, kwenye sitini na sita waliobaki wako wawili. Kwenye hesabu kubwa pia unaonekana. Lakini uelekeo si utabiri wa mtoto mmoja. Ukiona wingu hili ukasema mvua kila siku, utapatia mara mbili na utaaibika mara kumi na moja, na wawili walionyeshewa hukuwaonya kabisa. Mtabiri wa hivyo ningemfukuza."

"Na bweni la kaka yangu anakotaka kumpeleka mtoto, mama? Anasema yeye alinyooshwa hivyo hivyo na baba."

"Mkanda, unataka kusema. Alipigwa, akaja kuoa, basi mkanda umefanya kazi? Hao wasiopigwa mbona wameoa? Mtu alifungua mwavuli siku ambayo isingenyesha, na mpaka leo anahubiri kwamba mwavuli wake ulifukuza mvua. Na aliyelowa alilowa na mwavuli." Akakunja karatasi, akampa. "Halafu swali la mwisho, nalo si la ofisi. Tunatoa onyo la mvua kwa sababu mvua inabomoa nyumba. Huyo wa kupaka rangi, na yule mwanamke, wamebomoa nyumba ya nani? Hata utabiri wako ungekuwa kweli, ulitaka kumkinga mtoto na nini?"

Bwana Mawingu alitia karatasi mfukoni. Alikwenda nyumbani kwa miguu, vituo viwili, akijiona mjinga wa kiwango cha taifa. Na alikuwa na furaha pia, furaha nyepesi ya mtu aliyepata makosa yake kabla ya tarehe. Alijiambia kwamba amewahi.

Jumamosi saa nne gari la Baba Mkubwa lilisimama getini. Shangazi alikuwa ameshafika, ameshafunga sanduku la mtoto, ameshaketi juu yake ili lisifunguliwe. Nukta alikuwa chumbani. Baba Mkubwa aliingia ameshika kofia, mtu mkubwa aliyenyooka mgongo, akaukataa mkeka akabaki amesimama.

"Yuko wapi kijana?"

"Haendi, kaka," alisema Bwana Mawingu.

Shangazi alianza kuuita ukoo mzima, wazima na wafu. Alisema mtoto ataharibika na yeye keshasema. Hapo Mama Nukta, aliyekuwa mezani kwake, alizungumza bila kuacha kazi.

"Shangazi, mimi nikiwa na miaka sita nilikuwa nafungua redio za watu. Nilipanda miti, nilijaribu kukojoa nimesimama nikashindwa, nilikataa magauni mpaka harusi yangu. Uliponiona nachumbiwa ulisema, huyu binti ana akili ya mikono. Mbona hukumpigia mtu simu?"

"Wewe ni mwanamke, ni tofauti."

"Tofauti yake ni nini?"

Shangazi alitafuta tofauti kwenye glasi ya maji, na glasi ilikuwa tupu. Yeye mwenyewe, enzi zake, alikuwa mpiga mluzi namba moja wa mtaa, mchezo wa wavulana, na aliowapenda tangu hapo walikuwa wanaume watatu, wote wapiga soga. Hili alilijua kila mtu sebuleni, kwa hiyo hakuna aliyelisema.

"Mimi nilinyooshwa," alisema Baba Mkubwa. "Nawaambia kitu ninachokijua. Nilikuwa na ugonjwa huo huo, baba akaukata mapema. Leo nina mke na watoto wanne."

Bwana Mawingu alikuwa na karatasi mfukoni, na namba zote kichwani. Alitaka kuanza na wale tisa. Lakini aliutazama ule mgongo, akauliza kitu kingine.

"Kaka. Baba alipokupiga, uliacha kumpenda yule mwanasesere?"

Baba Mkubwa aliizungusha kofia.

"Niliacha kuonekana naye," alisema. "Nilimficha kwenye tangi bovu la maji. Nilikwenda kumwona mpaka nikachoka mwenyewe, kama watoto wanavyochoka na vitu. Nilikuwa na miaka tisa hivi."

"Na wasichana ulianza kuwatazama lini?"

"Wakati huo huo wa watu wengine. Kumi na tatu, kumi na nne. Mkanda ulikuwa umekwisha zamani." Akausikia mwenyewe mpangilio wa miaka. "Basi ulifanya kazi gani?"

Alijijibu mwenyewe, kwa sauti ya kawaida, kama anasoma orodha ya stoo. Alisema wanawe wanne wakiumia hukimbilia kwa mama yao. Alisema mjukuu wake wa kwanza ana miezi saba na hajambeba, kwa sababu mkono ukianza kwenda anaona watu wanamtazama. Kisha alivaa kofia, akamwambia Shangazi ainuke kwenye sanduku, na akatoka. Gari halikuwaka haraka. Walilisikia limekaa pale getini, limezima, dakika nyingi.

Lilipoondoka hatimaye, Bwana Mawingu alisimama mlangoni mwa chumba cha mtoto. Alikuwa ameandaa maneno tangu jana. Nukta alikuwa ameketi kitandani, mikono juu ya magoti, amevaa viatu vya safari. Baba yake alikaa sakafuni mbele yake, akamwambia kwamba haendi popote. Akamwambia kwamba baba alikosea, alikosea sana, kwamba mwanasesere ni wake na anaweza kucheza naye popote, sebuleni, uani, hata mbele ya Shangazi.

"Mimi simpendi tena, baba," alisema Nukta. "Napenda mpira."

Alilisema vizuri. Sauti ilikuwa imeshushwa kidogo, na macho hayakuyumba. Bwana Mawingu, ambaye wiki mbili zilizopita angeliandika kwenye fomu na kulala usingizi wa mtoto mchanga, sasa aliuliza kwa hofu:

"Kweli?"

"Kweli."

Mtoto alimtazama usoni, akatazama mlango, akarudi usoni.

"Baba Mkubwa ameshaondoka?"

"Ameshaondoka."

"Na wewe unaenda kazini saa ngapi?"

Aliuliza kwa adabu, kama anavyouliza mtu mwenye shughuli zake. Bwana Mawingu alitaka kusema anaenda sasa hivi, ampe nafasi. Lakini alikuwa amejiwekea ahadi ya kutomdanganya.

"Leo siendi, mwanangu. Nina mapumziko."

Nukta akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Aliteremka kitandani, akachukua mpira mpya ambao Shangazi alimletea, akatoka nao uani. Akachagua ukuta ulio mkabala na dirisha, pale ambapo baba angemwona vizuri, akaanza kuupiga, akihesabu kwa sauti nene.